Nyota ya Kusini na Namba 4.0016

Jioni za mwanzoni mwa Machi, mtu aliyeko Afrika Mashariki akitazama juu upande wa kusini anaweza kuiona kwa macho matupu nyota iitwayo Zeta Puppis. Haing'ai kama Sirius iliyo jirani yake, lakini ina joto kali mno: uso wake unafikia nyuzi 40,000 hivi, wakati uso wa Jua letu hauzidi nyuzi 6,000. Mwaka 1896 Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alitangaza kwamba mwanga wa nyota hiyo, ukitawanywa rangi zake na kupigwa picha, unaonyesha mistari ambayo haikuwa imewahi kuonekana popote.

Mistari hiyo ilijipanga kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ulifanana mno na ule wa hidrojeni. Kwa miaka 17 wataalamu waliamini kwamba ni hidrojeni iliyo katika hali isiyojulikana duniani. Walikosea, na kilichofichua kosa hilo ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha kawaida. Tuifuate hesabu hiyo hatua kwa hatua.

Ngazi za elektroni moja

Atomu ya hidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote: kiini chenye protoni moja, na elektroni moja inayoshikiliwa na kiini hicho. Elektroni hiyo haiwezi kuwa na nishati yoyote tu. Inaruhusiwa kukaa katika ngazi maalumu, nazo huhesabiwa kwa namba kamili: 1, 2, 3 na kuendelea. Namba ya ngazi huandikwa *n*. Nishati ya kila ngazi hupatikana kwa kugawanya kiasi kimoja kisichobadilika kwa mraba wa namba ya ngazi:

```
E = −13.6 × Z² / n²
```

Kipimo chake ni elektronivolti, nishati ambayo elektroni moja huipata ikisukumwa na umeme wa volti moja. Herufi Z ni idadi ya protoni zilizo katika kiini. Kwa hidrojeni Z ni 1, hivyo ngazi ya kwanza iko −13.6, ya pili −3.4, ya tatu −1.51, ya nne −0.85. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba elektroni imefungwa: ili kuing'oa kutoka ngazi ya kwanza na kuiacha huru, inabidi kulipa elektronivolti 13.6. Sifuri ni mpaka wa uhuru.

Elektroni ikishuka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini, tofauti ya nishati hutoka nje kama mwanga. Tofauti kubwa hutoa wimbi fupi, tofauti ndogo hutoa wimbi refu. Kwa kuwa ngazi ni maalumu, tofauti nazo ni maalumu, na ndiyo sababu mwanga wa gesi hujitokeza kama mistari iliyotengana badala ya upinde kamili wa rangi. Nyota inaweza kuonyesha mstari mweusi mahali ambapo gesi imemeza mwanga, au mstari angavu mahali ambapo gesi imeutoa. Urefu wa wimbi ni uleule kwa yote mawili, maana tofauti ya ngazi ni ileile.

Fomula iyo hiyo hutumika kwa ioni yoyote iliyobakiwa na elektroni moja. Heliamu kwa kawaida ina protoni mbili na elektroni mbili. Ukiing'oa elektroni moja, inayobaki inajikuta peke yake mbele ya kiini chenye chaji mara mbili ya ile ya hidrojeni. Z ni 2, mraba wake ni 4, na kila ngazi inazama mara nne zaidi: ya kwanza −54.4, ya pili −13.6, ya tatu −6.04, ya nne −3.4. Lithiamu iliyopoteza elektroni mbili ina Z ya 3, na ngazi zake zinazama mara tisa.

Linganisha sasa namba za heliamu na zile za hidrojeni. Ngazi ya pili ya ioni ya heliamu iko −13.6, sawa na ya kwanza ya hidrojeni. Ya nne iko −3.4, sawa na ya pili ya hidrojeni. Ya sita inalingana na ya tatu, ya nane na ya nne. Kila ngazi ya heliamu yenye namba shufwa ina pacha wake katika hidrojeni, na zile za namba witiri hazina. Hapo ndipo penye kiini cha fumbo la Pickering.

Kutoka ngazi hadi urefu wa wimbi

Ili kupata urefu wa wimbi moja kwa moja, fomula ya ngazi hugeuzwa hivi:

```
1/λ = R × Z² × (1/n₁² − 1/n₂²)
```

Herufi λ ni urefu wa wimbi, n₁ ni ngazi ya chini, n₂ ni ngazi ya juu. R ni namba inayoitwa kwa jina la Johannes Rydberg, mwanafizikia wa Sweden aliyeiweka fomula hii katika sura ya jumla. Kabla yake, mwaka 1885, Johann Balmer, mwalimu wa hisabati mjini Basel nchini Uswisi, alikuwa amegundua kwamba mistari ya hidrojeni inayoonekana kwa macho inafuata kanuni hiyo pale n₁ inapokuwa 2.

Kwa hesabu za mkono ni rahisi kutumia kinyume cha R. Kwa heliamu, 1/R ni nanometa 91.14. Ukiigawanya kwa Z², yaani kwa 4, unapata 22.785. Basi kwa ioni ya heliamu:

```
λ = 22.785 / (1/n₁² − 1/n₂²)   nanometa
```

Tuchukue mruko wa elektroni kutoka ngazi ya nne hadi ya tatu. Moja kwa tisa ni 0.11111, na moja kwa kumi na sita ni 0.06250. Toa: unabaki na 0.04861. Gawanya 22.785 kwa namba hiyo, na jibu ni nanometa 468.7, rangi ya bluu. Huo ni urefu wa wimbi katika ombwe. Hewani mwanga hupungua mwendo kidogo, na wimbi linafupika hadi nanometa 468.6. Ukifungua jedwali la mistari ya heliamu, huo ni miongoni mwa mistari maarufu kuliko yote.

Sasa shuka hadi ngazi ya nne kutoka ya saba. Moja kwa 16 toa moja kwa 49 ni 0.04209, na jibu ni nanometa 541.3, rangi ya kijani. Mstari huo ni mmoja wa ile ya Zeta Puppis.

Mahali pa kuteleza ni pale kwenye kutoa. Wengi hutoa namba za ngazi kwanza kisha wanapiga mraba, na wengine hukokotoa urefu wa mawimbi mawili kisha wanautoa. Vyote viwili huleta jibu potofu. Kinachotolewa ni moja kwa mraba wa kila namba, kwa sababu hizo ndizo nishati. Urefu wa wimbi huja mwishoni, kwa kugawanya.

Kikomo cha mfululizo

Mistari yote inayoishia kwenye ngazi moja ya chini huunda mfululizo. Acha n₁ ikae palepale, kisha uiongeze n₂: 5, 6, 7, 8, 20, 100. Moja kwa mraba wa n₂ inazidi kuwa ndogo hadi haina uzito wowote. Mistari inasogeleana, inabanana, na mwisho inafika mahali ambapo haivuki tena. Mahali hapo ni kikomo cha mfululizo, na hesabu yake ni nyepesi kuliko ya mstari wowote: futa sehemu ya n₂, na kinachobaki ni

```
λ ya kikomo = n₁² / (R × Z²)
```

Kwa ioni ya heliamu zidisha 22.785 kwa mraba wa n₁. Mfululizo unaoishia ngazi ya kwanza una kikomo cha nanometa 22.8. Wa ngazi ya pili unakoma kwenye 91.1, wa tatu kwenye 205.1, na wa nne kwenye 364.6.

Kikomo kina maana ya kimaumbile pia. Ni mwanga ambao ungetoka iwapo elektroni ingeanzia mpakani kabisa mwa uhuru, kwenye sifuri, na kushuka moja kwa moja hadi ngazi ya chini. Kwa hiyo ukijua kikomo cha mfululizo wa kwanza, unajua nishati ya kuing'oa elektroni. Gawanya 1,240 kwa urefu wa wimbi katika nanometa na utapata elektronivolti: 1,240 kwa 22.785 ni 54.4, ileile tuliyoanza nayo. Zaidi ya kikomo, kuelekea mawimbi mafupi, mistari inakoma na mwanga unakuwa mfululizo usiokatika, kwa sababu elektroni iliyo huru inaweza kuingia ikiwa na mwendo wowote.

Hapa pana njia nzuri ya kujikagua. Kikomo ni wimbi *fupi* kuliko yote katika mfululizo wake, na mstari wa kwanza ndio mrefu kuliko yote. Mfululizo wa ngazi ya tatu wa ioni ya heliamu unaanzia 468.7 na kushuka hadi 205.1. Jibu lolote lililo nje ya mipaka hiyo lina kosa, na mara nyingi kosa ni kusahau Z². Ukisahau kuzidisha kwa 4, mstari wa 468.7 utaruka hadi karibu 1,875, ambako macho hayaoni.

Nusu au mbili?

Turudi kwa Pickering. Mistari aliyoiona ilikuwa katikati ya mistari ya Balmer, mmoja baada ya mwingine, nayo ilibanana kuelekea kikomo kilekile. Katika fomula ya Balmer, ngazi za juu ni 3, 4, 5, 6. Mistari mipya ilikubali iwapo mtu angeandika 3.5, 4.5, 5.5. Kwa kuwa kikomo kilikuwa kimoja, ilionekana wazi kwamba ni hidrojeni, ila ni hidrojeni inayokubali nusu. Rydberg aliiendeleza hoja hiyo. Kwa hesabu zake hidrojeni ilipaswa kuwa na mstari mwingine karibu na nanometa 469, na kweli mstari wa namna hiyo ulikuwepo katika mwanga wa nyota za moto. Mwaka 1912 Alfred Fowler wa London alipitisha umeme katika bomba lenye mchanganyiko wa hidrojeni na heliamu, akaupata mstari huo maabara. Naye aliuhesabu kuwa wa hidrojeni.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmaki alitoa nadharia yake ya atomu, na ndani yake nusu hazina nafasi: *n* ni namba kamili tu. Badala ya kuiharibu nadharia, aliiangalia upya mistari. Chukua 1/3.5², akasema, ni sawa na 4/7². Na 1/2² ni sawa na 4/4². Nusu zinatoweka, na mahali pake panakuja namba 4 nje ya mabano. Nne ni mraba wa mbili. Kwa hiyo, kwa Bohr, chanzo cha mistari hii ni heliamu iliyopoteza elektroni moja: ngazi ya chini ni ya nne, na ngazi za juu ni 7, 9, 11.

Na zile za 6, 8, 10 ziko wapi? Zimejificha. Tumeshaona kwamba ngazi shufwa za heliamu zina mapacha katika hidrojeni, hivyo mistari yake inaangukia karibu kabisa na ile ya Balmer. Kwenye picha za Pickering haikutofautika. Alichokiona yeye kilikuwa nusu tu ya mfululizo, ile nusu isiyo na pacha.

Hoja hii ilihitaji ushahidi wa bomba la gesi. Katika maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester, Evans alipitisha umeme katika heliamu iliyosafishwa hadi mistari ya kawaida ya hidrojeni haikuonekana tena. Mstari wa bluu wa 468.6 ulikuwepo. Hidrojeni imeondoka, mstari umebaki.

Pingamizi la Fowler

Fowler hakuridhika, na sababu yake ilikuwa nzito kwa sababu ilitokana na vipimo. Iwapo Bohr ana haki, alisema, uwiano kati ya namba ya heliamu na namba ya hidrojeni unapaswa kuwa 4 kamili. Vipimo vyake vilikuwa makini sana, na vilitoa takriban 4.0016. Tofauti ni ndogo, lakini ilikuwa kubwa kuliko makosa ya vyombo vyake.

Bohr alijibu kwamba fomula ya mwanzo ilikuwa imechukulia kiini kuwa kizito kiasi cha kutotikisika. Kwa kweli kiini nacho hucheza. Watu wawili wakishikana mikono na kuzunguka, mzee mnene na mtoto, mtoto ndiye anayezunguka kwa mbali, lakini mzee naye hasimami palepale, anayumba kidogo. Mzee akiwa mnene zaidi, anayumba kidogo zaidi. Kiini cha hidrojeni kina uzito wa mara 1,836 ya elektroni, na cha heliamu mara 7,294. Hidrojeni inayumba zaidi, na hilo linaipunguzia R yake kidogo zaidi.

Hesabu ni fupi. R ya kiini kisichotikisika igawanywe kwa 1 jumlisha moja kwa 1,836, na unapata R ya hidrojeni. Igawanywe kwa 1 jumlisha moja kwa 7,294, na unapata R ya heliamu. Uwiano wake ni

```
4 × (1 + 1/1836) / (1 + 1/7294) = 4.00163
```

Kipimo cha Fowler na hesabu ya Bohr vilikutana hadi tarakimu ya nne baada ya nukta. Ile tofauti iliyotolewa kama pingamizi ikawa ushahidi wenye nguvu kuliko wote.

Marekebisho hayo yanaonyesha pia jinsi ya kuwatenga mapacha. Mstari mwekundu wa hidrojeni, kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili, una nanometa 656.47 katika ombwe. Pacha wake wa heliamu, kutoka ya sita hadi ya nne, una 656.20. Vikomo navyo vinaachana: 364.71 kwa hidrojeni, 364.56 kwa heliamu. Kwa hiyo hata kile kikomo kimoja kilichowashawishi wataalamu wa 1896 hakikuwa kimoja. Vilikuwa viwili vilivyokaribiana kuliko chombo chao kilivyoweza kutenga.

Fomula inakokoma

Fomula hii ni ya elektroni moja tu. Heliamu kamili, yenye elektroni mbili, haiifuati, kwa sababu elektroni hizo husukumana. Kuing'oa elektroni yake ya kwanza kunahitaji elektronivolti 24.6, wakati ukiweka Z ya 2 kwenye fomula utapata 54.4. Hiyo 54.4 ni gharama ya elektroni ya pili, baada ya ile ya kwanza kuondoka. Ndiyo maana mistari ya Pickering hutafutwa katika nyota za moto mkali: gesi lazima kwanza ivuliwe elektroni moja, kisha ile iliyobaki ipandishwe hadi ngazi ya nne au zaidi, kazi inayodai elektronivolti nyingine 51.

Mpaka wa pili ni chaji ya kiini. Z ikikua, elektroni inakwenda kasi sana, na fomula isiyojali nadharia ya uhusianifu ya Einstein inaanza kupungukiwa. Chuma kilichobakiwa na elektroni moja, Z ikiwa 26, kinatoa mruko wa ngazi ya pili hadi ya kwanza wenye elektronivolti 6,898 kwa fomula yetu. Vipimo vinaonyesha mistari miwili, karibu na 6,950 na 6,970. Kosa halizidi asilimia moja na kidogo. Kwa urani, Z ikiwa 92, tofauti inazidi asilimia kumi, na fomula haifai tena isipokuwa kwa makisio.

Kwa heliamu bado inatosha, na inatumika kila siku. Mstari wa kwanza wa mfululizo wa kwanza, kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza, uko kwenye nanometa 30.4. Ni wimbi fupi mno kupenya hewa yetu, hivyo chombo cha SDO cha shirika la NASA, kilichorushwa mwaka 2010, hulipiga picha Jua kwa mwanga huo kutoka angani.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu mwenyewe, ushauri ni huu. Ukipewa mstari usioujua, usianze kwa kuubashiri kwa kuwa unafanana na mwingine. Tafuta mfululizo mzima, kokotoa kikomo chake, kisha uangalie kama namba zote za *n* zinatoka kamili. Zikitoka nusu, hujakosea kutoa. Huenda umekosea Z.